Salio la gharama za jumla za kiwanda mwisho wa mwaka: kuligawanya au kulipeleka lote kwenye bidhaa zilizouzwa

Kiwanda kinachotoza gharama za jumla kwa kiwango kilichopangwa kabla ya mwaka kuanza karibu kila mara hufunga mwaka kikiwa na salio kwenye akaunti ya gharama hizo. Upande wa debiti huingia gharama halisi: umeme, uchakavu wa mashine, mishahara ya wasimamizi, matengenezo, bima ya jengo. Upande wa krediti huingia kile kilichotozwa kwenye kazi. Debiti ikizidi, kazi zimebeba gharama pungufu kuliko zilizotumika kweli, na salio hilo lazima liondolewe kabla ya vitabu kufungwa.

Njia za kuliondoa ni mbili. Ya kwanza ni kulipeleka lote kwenye gharama ya bidhaa zilizouzwa. Ya pili ni kuligawanya kwa uwiano kati ya kazi zinazoendelea, bidhaa zilizokamilika na bidhaa zilizouzwa. Wahasibu wengi huchagua kwa mazoea, halafu matatizo hujitokeza kwa mkaguzi wa hesabu au mwezi wa kwanza wa mwaka mpya. Mwongozo huu unaanza na dalili, kisha unatafuta chanzo. Mfano ni mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na takwimu zake zinaweza kuwa za sarafu yoyote.

Bajeti ya mwaka ilikuwa gharama za jumla 2,400,000 kwa saa za mashine 60,000, hivyo kiwango cha kutoza kilikuwa 40 kwa saa. Nusu ya kiwango hicho, yaani 20, ni gharama zisizobadilika, na 20 nyingine ni zinazobadilika. Mwaka ulipoisha, mashine zilikuwa zimefanya kazi saa 55,000. Kazi zilitozwa 55,000 × 40 = 2,200,000. Gharama halisi zilikuwa 2,350,000. Salio la debiti ni 150,000.

Dalili: salio ni kubwa kuliko ilivyotarajiwa

Usiguse njia yoyote kabla ya kuhakikisha kwamba salio lenyewe ni la kweli. Sehemu ya salio kubwa mara nyingi ni makosa ya kuandika, na kosa la kuandika halifutwi wala haligawanywi. Husahihishwa.

Anza na upande wa krediti. Chukua jumla ya saa za mashine kwenye kadi za kazi, zidisha kwa kiwango, na ulinganishe na krediti ya akaunti. Hapa lazima upate 2,200,000 kamili. Ukipata zaidi ya hapo, kuna saa ambazo hazijaingizwa kwenye leja, na kwa kawaida ni za wiki ya mwisho, kwa sababu kadi za kazi zilizokuwa bado karakana zilichelewa kufika ofisini. Saa 500 zilizosahaulika peke yake huongeza salio kwa 20,000.

Kisha angalia upande wa debiti. Kosa linalojirudia sana ni gharama zisizo za kiwanda kuingizwa humo: kodi ya ofisi ya mauzo, usafirishaji wa bidhaa kwenda kwa wateja, mshahara wa mhasibu. Hizo ni gharama za uuzaji na utawala. Hazitakiwi kugusa thamani ya bidhaa hata kidogo, na ukizigawanya utakuwa umezipenyeza ghalani. Angalia pia kama kuna ankara moja iliyoingizwa mara mbili: mara ya kwanza kama gharama limbikizi mwisho wa mwezi, mara ya pili ankara ilipofika.

Makosa hayo yakishaondolewa, kinachobaki ndicho salio la kushughulikia.

Dalili: baada ya kuingiza marekebisho, salio limekuwa 300,000 badala ya sifuri

Ingizo limegeuzwa. Salio la debiti hufungwa kwa krediti. Akaunti ya gharama za jumla inapewa krediti 150,000, na akaunti zinazopokea zinapewa debiti. Anayeingiza kinyume huwa amechukulia neno “pungufu” kana kwamba akaunti inahitaji kuongezewa. Kilicho pungufu ni kile ambacho bidhaa zilitozwa. Bidhaa ndizo zinazoongezewa.

Dalili: faida inayumba sana kutegemea njia iliyotumika

Hapa ndipo maamuzi mengi huharibika, kwa sababu watu hupima ukubwa wa kitu kisicho sahihi. Utasikia hoja hii: “Salio ni 150,000, gharama za jumla ni 2,350,000, hiyo ni chini ya asilimia 7. Tulipeleke lote kwenye bidhaa zilizouzwa.” Hesabu ni sawa, ila haijibu swali lililo mezani.

Hata ukigawanya, sehemu kubwa ya salio itaangukia kwenye bidhaa zilizouzwa. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni ile sehemu tu ambayo ingebaki ghalani. Ili kuipata, unahitaji kujua gharama za jumla zilizotozwa mwaka huu ziko wapi siku ya mwisho:

| Akaunti | Zilizotozwa | Asilimia | Mgao wa 150,000 |
|---|---|---|---|
| Kazi zinazoendelea | 110,000 | 5 | 7,500 |
| Bidhaa zilizokamilika | 330,000 | 15 | 22,500 |
| Bidhaa zilizouzwa | 1,760,000 | 80 | 120,000 |
| Jumla | 2,200,000 | 100 | 150,000 |

Tofauti ya faida kati ya njia hizi ni 30,000. Hiyo ndiyo ya kupimwa, na inapimwa dhidi ya faida. Tuseme faida kabla ya marekebisho ni 300,000. Ukipeleka lote kwenye bidhaa zilizouzwa, inabaki 150,000. Ukigawanya, inabaki 180,000. Salio lililoonekana dogo likilinganishwa na gharama za jumla linapunguza faida kwa asilimia 40 hadi 50, na uchaguzi wa njia peke yake unaihamisha kwa 30,000. Kwa kiwanda hiki hilo si jambo dogo.

Kinyume chake pia hutokea. Kiwanda kinachotengeneza kwa oda na kukabidhi kila kitu kabla ya mwaka kuisha kinaweza kuwa na salio kubwa huku ghala likiwa tupu. Hapo njia zote mbili zinaleta jibu lile lile, na kuhangaika na mgao ni kupoteza muda. Angalia ghala kwanza, salio baadaye.

Dalili: mgao unaelemea kazi zinazoendelea

Jedwali la juu limetumia gharama za jumla zilizotozwa kama msingi. Wengine hutumia masalio kamili ya akaunti, yenye malighafi na ujira ndani yake, kwa sababu yanasomeka moja kwa moja kwenye urari. Tuseme masalio hayo ni 350,000 kwa kazi zinazoendelea, 750,000 kwa bidhaa zilizokamilika na 4,000,000 kwa zilizouzwa, jumla 5,100,000. Mgao unakuwa 10,294, 22,059 na 117,647.

Kazi zinazoendelea zimepewa 10,294 badala ya 7,500. Sababu ni kwamba malighafi huingia mwanzoni mwa kazi ilhali saa za mashine huja polepole. Kazi iliyoanza wiki iliyopita ina malighafi zote lakini imepita kwenye mashine kidogo, kwa hiyo salio lake kamili ni zito kuliko kosa la kiwango lililoingia ndani yake. Kosa lilikuwa kwenye kila saa ya mashine. Malighafi hazikuwa na kosa lolote.

Kuna njia ya kuthibitisha kwamba msingi wa gharama zilizotozwa ndio sahihi. Gawanya gharama halisi kwa saa halisi: 2,350,000 ÷ 55,000 = 42.727 kwa saa. Hicho ndicho kiwango ambacho kingetumika kama mtu angejua mambo yote mapema, na ni asilimia 6.818 juu ya 40. Sasa linganisha: 7,500 ni asilimia 6.818 ya 110,000, na 22,500 ni asilimia 6.818 ya 330,000. Kadi ya kazi yenye saa 200 za mashine ilitozwa 8,000. Ikirekebishwa inapanda hadi 8,545. Kila bidhaa inafika pale ambapo kiwango sahihi kingeifikisha. Ukitumia masalio kamili, kazi zinazoendelea zinapanda kwa asilimia 9.4, ambayo haitokani na saa yoyote ya mashine.

Masalio kamili yanavumilika pale tu ambapo uwiano wa gharama za jumla ndani ya akaunti zote tatu unakaribiana. Hapa bidhaa zilizokamilika na zilizouzwa zote zina asilimia 44, lakini kazi zinazoendelea zina asilimia 31 tu. Pengo la namna hiyo linatosha kuiacha njia hiyo.

Dalili: jumla ya msingi wa mgao haifiki 2,200,000 au inaipita

Jumla ya gharama zilizotozwa kwenye akaunti tatu lazima ilingane na krediti ya akaunti ya gharama za jumla kwa mwaka. Ikipita, mara nyingi ni kwa sababu gharama ya bidhaa zilizouzwa ina ndani yake bidhaa zilizokuwa ghalani mwanzoni mwa mwaka. Hizo zilitozwa mwaka uliopita, kwa kiwango cha mwaka uliopita, na hazihusiki na kosa la mwaka huu. Ziondoe kwenye msingi.

Isipofika, tafuta kazi zilizotozwa na kisha kuharibika, au bidhaa zilizotumika ndani ya kiwanda chenyewe. Na kama kuna mtu ameweka malighafi ambazo hazijatolewa stoo kwenye mgao, zitoe. Hazijatozwa saa hata moja.

Dalili: mkaguzi anakataa mgao ingawa hesabu zake ni sahihi

Hili ndilo tatizo zito kuliko yote, na chanzo chake kiko kabla ya hesabu. Mgao umefanyika bila kuuliza salio limetoka wapi.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinataka gharama za uzalishaji zisizobadilika zigawanywe kwenye bidhaa kwa kutumia uwezo wa kawaida wa uzalishaji. Uzalishaji ukiwa mdogo au mashine zikikaa bure, kila bidhaa haiongezewi mzigo. Kiasi kisichogawanywa huwa gharama ya kipindi hicho. Mwaka wenye uzalishaji mdogo usifanye bidhaa zilizobaki ghalani zionekane za thamani kubwa zaidi. Mashine iliyosimama haikuongeza chochote kwenye bidhaa iliyotengenezwa na mashine nyingine.

Kwa hiyo salio la 150,000 linapasuliwa kwanza. Kwa saa 55,000, bajeti ingeruhusu gharama zisizobadilika 1,200,000 na zinazobadilika 55,000 × 20 = 1,100,000, jumla 2,300,000. Gharama halisi ni 2,350,000. Hiyo 50,000 ni tofauti ya matumizi: vitu viligharimu zaidi ya ilivyopangwa. Inayobaki, 100,000, ni saa 5,000 ambazo hazikufanya kazi zikizidishwa kwa 20 ya gharama zisizobadilika. Hiyo ni gharama ya uwezo uliokaa bure.

Ikiwa saa 60,000 ndizo uwezo wa kawaida wa kiwanda hiki, ile 100,000 yote inakwenda kwenye gharama za mwaka. Inayoweza kugawanywa ni 50,000 peke yake: 2,500 kwa kazi zinazoendelea, 7,500 kwa bidhaa zilizokamilika, 40,000 kwa zilizouzwa. Ingizo linakuwa hivi:

```
Debiti   Gharama ya bidhaa zilizouzwa: uwezo usiotumika   100,000
Debiti   Gharama ya bidhaa zilizouzwa: mgao                40,000
Debiti   Bidhaa zilizokamilika                              7,500
Debiti   Kazi zinazoendelea                                 2,500
Krediti  Gharama za jumla za kiwanda                      150,000
```

Faida sasa ni 160,000. Tazama jinsi ilivyosogea karibu na 150,000 ya njia ya kupeleka salio lote. Mgao wa 30,000 kwenda ghalani ulikuwa na 20,000 isiyostahili kuwa mali. Na tofauti ya 10,000 iliyobaki inaweza kabisa kuhesabiwa kuwa ndogo, hivyo kupeleka lote kwenye bidhaa zilizouzwa kunatetewa kwa sababu iliyo wazi, tofauti na ile ya asilimia 7. Ni vizuri kuiandika hesabu hii kwenye karatasi za kazi hata kama mwishoni umechagua njia rahisi.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu. La kwanza, uwezo wa kawaida ni uzalishaji unaotarajiwa kwa wastani katika vipindi kadhaa kwa hali ya kawaida, ukiwa umeshatoa muda wa matengenezo yaliyopangwa. Haimaanishi upeo wa mashine. Kama saa za miaka ya karibuni zilikuwa 54,000, 56,500 na 55,500, basi 55,000 ni mwaka wa kawaida, na tatizo ni bajeti iliyotarajia saa 60,000 bila msingi. Hapo hakuna uwezo uliokaa bure kwa maana ya IAS 2, na mgao wa 150,000 yote una hoja nzuri. Kusanya takwimu hizo kabla mkaguzi hajazidai.

La pili, hata ile 50,000 ya matumizi si lazima yote igawanywe. Kama ndani yake kuna 18,000 ya matengenezo baada ya mashine kuunguzwa kwa uzembe, hiyo si gharama ya kawaida ya kutengeneza bidhaa. Iende kwenye gharama za mwaka pamoja na ile 100,000.

Dalili: mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, leja ndogo haikubaliani na akaunti ya udhibiti

Mgao umeingizwa kwenye akaunti kuu ya bidhaa zilizokamilika, lakini kadi za bidhaa zimebaki na gharama za zamani. Akaunti kuu inazidi kwa 7,500, na kazi zinazoendelea zinazidi kwa 2,500. Mtunza stoo atatafuta bidhaa za 7,500 zilizopotea ambazo hazipo popote.

Kwa bidhaa chache, rekebisha kila kadi kwa asilimia inayostahili: 50,000 ÷ 2,200,000, yaani asilimia 2.273 ya gharama za jumla zilizotozwa. Kwa maelfu ya kadi, hiyo ni kazi isiyo na faida. Fungua akaunti tofauti kando ya kila akaunti ya ghala, iitwe kwa mfano “Marekebisho ya gharama za jumla: bidhaa zilizokamilika”, na uweke mgao humo. Kwenye mizania akaunti hizo mbili zinajumlishwa. Kwenye leja ndogo hakuna kinachoguswa, na ulinganifu unabaki.

Kosa linalofuata ni kuisahau akaunti hiyo. Bidhaa za mwanzo wa mwaka zikishauzwa, 7,500 lazima ihamie kwenye gharama ya bidhaa zilizouzwa. Kama bidhaa zinazoingia kwanza hutoka kwanza na ghala huzunguka ndani ya miezi miwili, ihamishe yote mwishoni mwa mwezi wa pili. Kama kuna bidhaa zinazokaa muda mrefu, hamisha kulingana na sehemu iliyouzwa: theluthi mbili zikiuzwa, 5,000 inatoka. Ile 2,500 ya kazi zinazoendelea hupita kwanza kwenye bidhaa zilizokamilika kadiri kazi zinavyomalizika. Akaunti ya marekebisho ambayo bado ina salio lile lile la mwaka jana wakati wa kufunga mwaka unaofuata ni ushahidi kwamba gharama ya mwaka uliopita imelala kwenye mizania bila bidhaa yoyote nyuma yake.

Dalili: bidhaa zilizogawiwa zinauzwa chini ya gharama mpya

Baada ya mgao, linganisha gharama ya bidhaa zilizobaki na kiasi kinachotarajiwa kupatikana kwa kuziuza, ukitoa gharama za kuzikamilisha na kuziuza. Gharama ikizidi, bidhaa zinashushwa hadi kiasi hicho na ziada inakuwa gharama ya mwaka. Ukijua mapema kwamba aina fulani ya bidhaa tayari iko kwenye ukingo huo, mgao wake utarudi kwenye gharama za mwaka siku hiyo hiyo. Fanya ingizo moja, uandike sababu, badala ya kupandisha thamani kwa ukurasa mmoja na kuishusha kwa unaofuata.

Dalili: salio la upande huo huo, kila mwaka

Salio la kweli la makadirio huyumba: mwaka huu pungufu, mwaka ujao zaidi. Likiwa la debiti mara tatu mfululizo, kiwango ndicho kibovu. Rudi kwenye mpasuko wa 50,000 na 100,000 uone upande upi unajirudia. Ukiwa ni matumizi, bajeti ya gharama haijafuata bei halisi. Ukiwa ni saa, bajeti inapangwa kwa mashine nyingi kuliko zinazopata kazi, na kila bei iliyonukuliwa kwa mteja kwa kutumia kiwango cha 40 ilibeba gharama za jumla pungufu kuliko halisi. Hapo mgao wa mwisho wa mwaka unarekebisha vitabu tu. Kazi zilishauzwa kwa bei ile, na kinachoweza kubadilishwa ni kiwango cha mwaka unaoanza: kwa saa 55,000 na gharama zile zile za 2,350,000, ni 42.73.